Kona Tupu ya Ramani, na Mama Aliyekaa Ndani Yake

Tarehe 10 Agosti 2024 Zambia ilifunga mipaka yake na Kongo, ukiwamo ule wa Kasumbalesa, kilomita 90 hivi kutoka Lubumbashi. Ugomvi haukuwa wa shaba wala kobalti. Ulikuwa wa bia na vinywaji baridi. Serikali ya Kinshasa ilikuwa imepiga marufuku kuingiza vinywaji hivyo, wenye magari ya mizigo wakaandamana, na Lusaka ikajibu kwa kufunga geti. Siku chache baadaye geti lilifunguliwa na foleni ya malori ikaanza kusogea tena, lakini maneno yaliyozaliwa siku zile yamebaki mjini. Kila mwenye depo, kila mwenye mtaji mdogo, aliyasema kwa namna yake: bidhaa za nje zikibanwa, nafasi ya juisi ya kwetu imepatikana.

Mimi nina shaka na hilo neno nafasi. Ziko nafasi mbili tofauti na watu wanazichanganya. Iko nafasi ya rafuni, ambayo hupatikana siku lori lisipofika. Na iko nafasi ya kichwani mwa mnunuzi, ambayo haifunguki kwa amri ya waziri. Mtu aliyezoea kubeba boksi la Ceres kutoka Afrika Kusini kila anapokwenda kumwona mgonjwa hospitalini, siku asipolikuta hatachukua chupa yoyote iliyosimama mahali pake. Atatafuta kitu kinachofanana nalo kwa jinsi yeye anavyoona ufanano, na asipokipata atanunua matunda, au mkate. Rafu imeachwa wazi, ila kichwani mwake boksi bado limekaa pale pale.

Wafanyabiashara wana chombo cha kuchorea nafasi hiyo ya pili. Ni karatasi yenye mistari miwili inayokatana, na kila chapa ya kinywaji ni nukta moja. Nukta mbili zikikaribiana, maana yake wanunuzi wanaziona kama ndugu, na yule asiyekuta moja atachukua nyingine. Zikiwa mbali, ni wageni kwa wageni. Tuiite ramani ya mitazamo. Haichori ukweli wa chupa, inachora jinsi watu wanavyoiona. Juisi ya tunda tupu inaweza kukaa upande wa sukari kwa sababu boksi lake linang'aa kupita kiasi, na maji ya rangi yakakaa upande wa matunda kwa sababu ya picha ya embe iliyochorwa vizuri.

Hesabu yake si ngeni. Mwaka 1962 Roger Shepard, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, alionyesha kwamba ukiwauliza watu vitu gani vinafanana na vipi havifanani, majibu yao yanatosha kuchora ramani, hata kama hawakutaja kipimo chochote. Miaka miwili baadaye Joseph Kruskal akaleta namna ya kupima ramani hiyo inakosea kiasi gani. Paul Green wa shule ya biashara ya Wharton akaipeleka kwenye masoko, na Wafaransa nao wakawa na njia yao, iliyoasisiwa na Jean-Paul Benzécri. Mwaka 1981 Al Ries na Jack Trout walitoa kitabu chao juu ya chapa kutafuta kiti kichwani mwa mnunuzi, na tangu hapo kila mwenye biashara anatafuta pengo. Walisahau kusema kwa sauti ya kutosha kwamba pengo la kwenye karatasi linaweza kuwa la kweli, linaweza kuwa shimo, na linaweza kuwa na mtu ndani ambaye mchoraji hakumwona. Hili la tatu ndilo la Lubumbashi.

Kosa la kwanza hufanyika kabla ya kalamu kugusa karatasi. Mkuu wa biashara anakaa ofisini, anachora mstari wa bei na mstari wa ubora, kisha anapanga chapa. Zote zinajipanga kwa mshazari, ghali na nzuri juu, rahisi na duni chini. Kona moja inabaki tupu: nzuri na rahisi. Anapiga makofi. Kona hiyo iko tupu katika biashara ya viatu, ya simu, ya mabati, ya kila kitu, kwa sababu vitu vizuri hugharimu pesa kuvitengeneza. Ramani hiyo haijamwambia lolote kuhusu juisi wala kuhusu Lubumbashi.

Mistari inatakiwa itoke kinywani mwa wanunuzi. Njia iliyo nyepesi kuliko zote inatokana na kazi ya George Kelly, Mmarekani mwingine wa saikolojia, aliyoichapisha mwaka 1955. Unaweka vinywaji vitatu mezani. Unamuuliza mtu: viwili vipi vinafanana, na cha tatu kinatofautianaje navyo? Kisha unanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, maana anayeuliza hupenda kusaidia, na akisaidia tu amekwisha kupanda maneno yake mwenyewe. Mtu akijibu, unaandika maneno yake kama alivyoyasema, unabadilisha chupa, unauliza tena. Maneno yatafika mahali yaanze kujirudia, na hapo unaacha.

Ukifanya hivyo katika soko la komine Kenya, au Njanja, au kwenye kantini ya Katuba, hutasikia neno ubora. Utasikia: "Hii iko ya bageni, hii iko ya kiu." Utasikia "ya bagonjwa", "ya batoto", "iko sukari tupu", "iko na tunda ndani". Na utasikia jambo ambalo mkuu wa ofisini hawezi kulibuni: "Hii najua mwenye kuitengeneza." Bei itatajwa pia, lakini mara nyingi imejificha ndani ya wageni. Kinywaji cha wageni ni ghali kwa sababu ni cha wageni, na mgeni akinyweshwa cha rahisi, aibu ni ya mwenye nyumba.

Lugha ya swali nayo inabadilisha ramani. Ukimuuliza mtu wa Bel-Air kwa Kifaransa kama juisi fulani ni "naturele", atafikiria kilichoandikwa kwenye boksi. Ukimuuliza mama wa Katuba kwa Kiswahili kama juisi iko ya matunda, atafikiria ulimi wake. Ni maswali mawili, na anayejumlisha majibu yake kwenye safu moja amechanganya chumvi na sukari.

Sasa tuchore. Namba zinazofuata nimezitunga ili msomaji aone hesabu inavyokwenda. Hazikutoka kwenye uchunguzi, wala hazihusu kampuni moja. Tuchukue aina tano za vinywaji ambavyo mtu wa hapa anavijua. Ya kwanza ni boksi la juisi ya tunda tupu kutoka nje. Ya pili ni juisi nzito ya kuongezwa maji, kwa mfano wa ile Mazoe ya Zimbabwe ambayo wengi wamekua nayo. Ya tatu ni sikre, yaani soda kama Fanta au Vital'O nyekundu ya Bralima. Ya nne ni chupa ya plastiki ya juisi nyepesi. Ya tano ni unga wa pakiti wa kukoroga kwenye maji. Watu wametoa alama toka 1 hadi 5 kwa mambo mawili: je, unaonja tunda lenyewe, na je, ni kinywaji cha kumwekea mgeni?

Boksi limepata 4.6 kwa tunda na 4.7 kwa mgeni. Juisi nzito 3.0 na 3.3. Sikre 1.3 na 3.6, maana hakuna anayedhani ina tunda, lakini chupa yake ya baridi inaheshimika mbele ya watu. Juisi nyepesi 2.3 na 2.0. Unga 1.6 na 1.2. Wastani wa tunda kwa zote tano ni 2.56, wa mgeni 2.96. Mistari inakatana hapo kwenye wastani, na kila kinywaji kinakaa kwa umbali wake: boksi juu kulia, juisi nzito karibu na katikati upande huo huo, sikre juu kushoto, juisi nyepesi na unga chini kushoto. Chini kulia hakuna kitu. Yaani hakuna kinywaji chenye tunda la kweli ambacho mtu anakunywa kila siku bila kungoja mgeni.

Mshauri wa biashara angefunga kompyuta yake hapo na kuandika ripoti. Pengo limepatikana, jengeni kiwanda.

Ila ukitoka nje ya ofisi yake ukatembea hatua chache, unamkuta mama amekaa kwenye kibao na beseni la barafu, na ndani ya beseni kuna chupa zilizokuwa za maji, sasa zimejaa tangawisi ya rangi ya udongo, chembechembe zimetulia chini. Pembeni kuna chupa za bisapu nyekundu, na siku nyingine munkoyo, kile kinywaji cha uji wa mahindi kinacholainishwa kwa mizizi ya porini, ambacho sisi na Wazambia tunakigombania kila mmoja akisema ni cha kwao. Mama huyo hana lebo wala tangazo. Hayumo kwenye orodha ya chapa, kwa hiyo hakuwekwa kwenye meza ya maswali, kwa hiyo ramani ikamwona hayupo.

Mweke. Tangawisi yake, kwa namba zetu za kutunga, inapata 4.5 kwa kuonja mmea wenyewe (na anayebisha ajaribu kumeza bila kukohoa) na 1.5 kwa mgeni. Inatua moja kwa moja chini kulia, katikati ya ile kona iliyoitwa tupu. Kona ina mwenyewe, na ana wateja tangu asubuhi.

Hii ni hitilafu ya ramani yenyewe, si ya mchoraji mvivu tu. Ramani ya mitazamo inachora vile tu ulivyoviweka mezani. Orodha huanza na vitu vyenye jina, kwa kuwa majina ndiyo yaliyoandikwa kwenye stakabadhi za depo. Katika mji ambamo sehemu kubwa ya vinavyonyweka haina jina, orodha ya chapa huacha nje mpinzani aliye karibu zaidi. Kwa hiyo usianze na rafu. Waulize watu jana walikunywa nini, saa ngapi, wakiwa wapi, na kila kilichotajwa mara nyingi kiingie kwenye ramani, hata kama ni maji ya sashe, hata kama ni chai.

Je, basi hakuna pengo? Lipo, lakini halikukaa kwenye mistari ile miwili. Rudi kwenye yale maneno ya sokoni, "najua mwenye kuitengeneza", na msikilize mnunuzi kabla hajatoa pesa.

"Mama, hii iko ya leo?"

"Iko ya leo, papa."

"Mayi ulichemusha?"

"Nilichemusha, si unanijua?"

Mazungumzo hayo hayafanyiki mbele ya boksi. Huo ni mstari wa tatu, imani ya usafi, na katika mkoa ambamo kipindupindu hurudi mara kwa mara si jambo la kupita. Toa ule mstari wa mgeni, weka huu, chora upya na vinywaji sita. Kwa imani ya usafi tuseme boksi lina 4.7, sikre 4.4, juisi nzito 4.0, juisi nyepesi 3.6, unga 2.4, na tangawisi ya mama 1.9. Wastani wake ni 3.5, na wastani wa tunda sasa, tangawisi ikiwamo, ni 2.88. Boksi linakaa juu kulia. Tangawisi inakaa kulia pia, karibu moja kwa moja chini yake: kwa ladha wanatofautiana 0.1 tu, kwa imani wanatofautiana 2.8. Sikre juu kushoto, unga chini kushoto. Kilichobaki ni kuliangalia boksi na kukumbuka bei yake. Kwenye kona ya juu kulia liko peke yake, maana juisi nzito imebaki karibu na katikati, na boksi ni ghali. Hakuna kinywaji chenye ladha ya kweli na imani ya usafi ambacho bei yake inasogea karibu na ya mama. Pengo ndilo hilo, na ukilitazama vizuri unaona kwamba ladha si kazi yake. Ladha mama amekwisha kuimaliza. Kilichokosekana ni imani.

Hapa kuna mtego ambao nimeona watu wenye shahada wakiuingia. Ile 1.9 ya mama ni wastani, na wastani unaweza kumwelezea mtu asiyekuwapo. Fungua majibu yenyewe, mtu mmoja mmoja. Tuseme kati ya watu kumi, watatu wamempa 4 na saba wamempa 1. Jumla ni 19, ukigawa kwa kumi unapata 1.9. Hakuna hata mmoja aliyesema mbili au karibu na mbili. Wale watatu ni wateja wake, wanamjua, wanajua jiko lake na jirani zake. Saba hawamjui. Kwa hiyo mama mmoja ni nukta mbili kwenye ramani: kwa watatu yuko juu kulia, jirani wa boksi, na kwa saba yuko chini. Ukiona wastani wa katikati, kabla ya kuuamini hesabu ni wangapi waliotoa alama ya katikati. Wakiwa wachache, una makundi mawili, na kila kundi linataka ramani yake.

Maana ya makundi hayo ni kubwa kuliko hesabu. Imani ya mama ipo na ina nguvu karibu sawa na ya boksi, lakini haitembei. Inaishia mwisho wa mtaa wake, pale watu wanapoacha kumjua kwa uso. Bidhaa itakayokaa kwenye pengo ni ile itakayoifanya imani hiyo ivuke barabara. Kizibo kilichofungwa, tarehe, na jina la mtu au la mtaa ambalo anayenunua anaweza kwenda kuliuliza. Nadhani tangazo la televisheni lingeisogeza bidhaa hiyo kuelekea sikre, ambako watu wanaamini kiwanda lakini hawaamini tunda.

Rwanda wana mfano wa njia hiyo. Sina Gérard alianza mwaka 1983 na maandazi huko Nyirangarama, kando ya barabara ya Kigali kwenda Musanze, ambako mabasi husimama. Baadaye Urwibutso, kampuni yake, ikatoa juisi ya marakuja iitwayo Agashya. Abiria aliyeinunua alikuwa amesimama mahali inapotengenezwa, na chupa aliyoipeleka mjini ilitoka mahali alipopaona kwa macho. Mimi naisoma hivi: kituo cha basi kilifanya kazi ambayo kwetu hufanywa na ule uso wa mama.

Kwamba watu hawana kitu haimaanishi wanakitaka, na hapa ramani inafika mwisho wa uwezo wake. Ukimuuliza mtu achore kinywaji cha ndoto yake, atachora halisi, safi, baridi na rahisi. Wote watachora hivyo, nukta zote zitarundikana kona moja, na hutakuwa umejifunza kitu. Mtu huonyesha anachotaka pale tu anapolazimika kuacha kimoja ili apate kingine, akitumia faranga zake.

Jaribio lenyewe halihitaji kiwanda. Chukua tangawisi ya sufuria moja, ya mama yule yule. Nusu itie kwenye chupa za kawaida kama anavyouza siku zote. Nusu itie kwenye chupa mpya zilizofungwa kwa kizibo, zenye tarehe na mahali. Ziuze pamoja, kibao kimoja, kwa anayepita na si kwa wateja wake. Wiki ya kwanza bei iwe sawa. Kisha ile yenye kizibo ipande kidogo kila wiki, na mama aandike ngapi zimekwenda za aina gani. Mahali ambapo watu wanairudia ile ya kawaida ndipo ilipo thamani ya imani kwa faranga. Sasa linganisha. Tuseme chupa, kizibo, lebo na mkaa wa kuchemshia vinaongeza faranga 400, na watu wameacha kununua nyongeza ya bei ilipozidi 300. Basi pengo ni la kweli kichwani, lakini halilipi. Liache, au tafuta namna ya kushusha ile 400.

Namna zipo, na zinategemea kilichomo ndani ya chupa zaidi ya wanavyofikiri wachoraji wa ramani. Codex, kanuni za kimataifa za vyakula, zinatofautisha juisi na nekta, na nekta ya embe inakubalika ikiwa na tunda asilimia 25, wakati ya chungwa inadaiwa 50. Nyama ya embe ni nzito na harufu yake haifichiki, kwa hiyo robo ya tunda inatosha mnywaji aonje embe. Kwa anayetaka kukaa juu kulia bila bei ya boksi, hiyo ni habari kubwa: tunda linalojaza chupa moja ya nekta ya chungwa, likiwa la embe lingejaza mbili, na lebo bado ingesema kweli.

Tangawisi ni ngumu zaidi kuliko inavyoonekana. Maembe kwa kawaida yana ukali wake wa asili, na ukali huo huzuia vijidudu vya hatari zaidi kumea. Maji ya tangawisi hayana ukali wa namna hiyo hata kama yanachoma koo. Yakifungwa kwenye chupa bila limau au asidi ya sitriki hadi pH ishuke chini ya 4.6, na bora ikaribie 4, kizibo kizuri kinaweza kuwa ndicho hatari, maana kinafunga hewa nje na kuwaacha ndani wale wasiohitaji hewa. Kipimo cha karatasi cha pH si ghali. Asiyekuwa nacho asifunge tangawisi.

Halafu kuna joto. Njia rahisi ya kuitunza juisi yenye ukali bila friji ni kuitia chupani ikiwa na nyuzi 85 hadi 90, kufunga, na kuilaza chupa ili kizibo nacho kipate moto. Chupa ya kawaida ya plastiki, ile ya maji, huanza kulegea ikifika nyuzi 70 na kitu. Inajikunja kiuno na kizibo kinavuja. Wengi wameishia hapo, wakaamua kujaza baridi na kutegemea friji, na sote tunajua umeme wa Lubumbashi unavyokatika. Siku mbili bila umeme, chupa zinavimba, na chupa iliyovimba mbele ya mteja inarudisha alama ya imani kwenye 1 kwa mtaa mzima.

Jibu la zamani lipo kwenye kila depo: chupa ya kioo inayorudishwa kwenye kasha lake, kama za Simba na Tembo. Kioo kinavumilia moto kikipashwa polepole kwanza. Na tuseme chupa imenunuliwa faranga 1,500 na inatumika mara kumi kabla ya kuvunjika, basi kila safari imegharimu 150, na juu yake sabuni na maji ya kuoshea. Hapo ile 400 ya juu inaanza kushuka. Tena kioo kinafanya kazi nyingine kwenye ramani: mnunuzi wa hapa amezoea kuiona imani ya kiwanda ikiwa ndani ya kioo.

Neno la mwisho ni juu ya majira, maana mara nyingi hulaumiwa umaskini pale ambapo kosa ni la kalenda. Ramani iliyochorwa Juni au Julai, asubuhi zetu zikiwa za makoti, itaipandisha tangawisi, kwa kuwa wakati huo inanywewa kama dawa ya kifua. Ile ya Septemba na Oktoba, joto likiwa kali kabla ya mvua, itaitawaza sikre na kila kilicho baridi. Ile ya Desemba, maembe yakiwa yamejaa barabarani, itawafanya watu wacheke wakiulizwa wangelipa nini kwa juisi ya embe. Ukichora mara moja tu umechora msimu. Chora mara mbili, kwenye baridi na kwenye joto, na amini zaidi nukta ambazo hazikuhama.

Na usitegemee vinywaji sita ukitaka kutumia ile njia ya Shepard na Kruskal ya kuuliza ufanano. Vinywaji sita vinatoa jozi 15 tu, na kompyuta itakupa ramani nzuri hata kama watu wamejibu ovyo. Kwa ramani ya mistari miwili weka vinywaji tisa au zaidi. Kipimo cha makosa cha Kruskal kikizidi asilimia 20, tupa karatasi, kaulize maswali upya.

Kwa msomaji wa Ruashi au Kampemba mwenye sufuria kubwa na mtaji wa makasha kumi: anza na chupa tatu mezani na jirani usiyemfahamu. Anza mapema, ili upate kuuliza kwenye joto la Oktoba. Na kabla hujanunua mashine ya kufungia, nenda kwanza kwa mama wa kwenye kibao, ukamwombe awe mwenzako wa kazi. Yeye ndiye aliyekaa kwenye ile kona siku zote, na chupa yako itauzwa kwa jina lake.